Kuuza likizo: siku zihesabiwe kwa kalenda au kwa kazi?

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 9,360,000 kwa mwaka. Mfanyakazi anaondoka na ana wiki mbili za likizo ambazo hakuzichukua. Mhasibu wa kwanza anampa shilingi 307,726. Wa pili anampa 420,000. Wote wawili wamegawanya mshahara wa mwaka ili kupata kiwango cha siku, wakakizidisha kwa siku zilizobaki, na hesabu zao za kujumlisha na kugawanya hazina kosa hata moja. Hata hivyo wote wamekosea, na kiini cha kosa lao ni kimoja: kila mmoja amehesabu siku za aina moja akazilipa kwa bei ya siku za aina nyingine.

Ndiyo maana ugomvi wa malipo ya likizo, iwe ni kwenye duka la vifaa vya ujenzi Moshi au kwenye ofisi ya utalii Arusha, hauishi kwa kuapa kwamba kikokotoo hakidanganyi. Kikokotoo hakijui kama Jumapili imo au haimo.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoonyesha aina ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 31, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, yaani kila miezi 12 ya ajira. Siku hizo zinajumuisha sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Neno la kushika hapo ni “mfululizo”. Siku 28 ni wiki nne kamili, Jumapili zikiwemo. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, ndani ya wiki hizo nne mna siku 24 za kazi. Kwa anayefanya Jumatatu hadi Ijumaa, mna siku 20. Likizo ni ileile, ila majina yake ni matatu: 28, 24 na 20.

Sasa likizo inapogeuzwa fedha mwishoni mwa ajira, sheria hiyohiyo inabadili lugha. Inasema malipo yakokotolewe kwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ambazo mfanyakazi alifanya kazi au alistahili kufanya kazi. Hapa hatuko tena kwenye kalenda, tuko kwenye siku za kazi. Wengi hushangaa hiyo 13 imetoka wapi, lakini ukiipekua kidogo inajieleza yenyewe. Mwaka una wiki 52, likizo ni wiki 4, na 52 ukigawa kwa 4 unapata 13. Anayefanya siku sita kwa wiki ana siku 312 za kazi kwa mwaka, na 312 kugawa kwa 13 ni 24. Anayefanya siku tano ana siku 260, na 260 kugawa kwa 13 ni 20. Namba zinakutana bila kulazimishwa.

Kiwango cha siku nacho kina kanuni yake. Jedwali la kwanza la sheria hiyo linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara idadi ya siku ambazo mfanyakazi hufanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki katika mwezi mmoja, yaani 52 kugawa kwa 12. Kwa hiyo ukiwa na mshahara wa mwaka mkononi, huna haja ya kupitia kwenye mwezi. Gawanya kwa 312 kama wiki ni ya siku sita, au kwa 260 kama ni ya siku tano. Mshahara wetu wa 9,360,000 kwa wiki ya siku sita unatoa shilingi 30,000 kwa siku. Ukipita njia ya mwezi, 780,000 kugawa kwa 25.998, unapata 30,002. Tofauti ya shilingi mbili inatokana tu na desimali zilizokatwa kwenye 4.333.

Kwa anayetumia Eksel, mshahara wa msingi wa mwaka ukiwa B2, siku za kazi kwa wiki B3, siku za kazi alizostahili katika mzunguko B4, na siku za kazi alizokwisha kuchukua kama likizo B5, kazi yote ni mstari huu:

```
=ROUND((B4/13-B5)*B2/(52*B3),0)
```

Mstari huo unadai kitu kimoja tu: B4 na B5 ziwe siku za kazi, si za kalenda. Ukiingiza za kalenda hapo, Eksel haitalalamika. Itakupa jibu safi lenye kosa.

Tuufanye mfano mzima sasa. Mtunza stoo wa kampuni ndogo mjini Moshi aliajiriwa tarehe 1 Februari 2024, anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi. Juu ya hapo anapata posho ya nyumba na nauli, jumla 220,000, hivyo hati yake ya malipo inaonyesha 1,000,000 kabla ya makato. Likizo ya mzunguko wa kwanza, ulioishia 31 Januari 2025, aliimaliza yote. Katika mzunguko wa pili alichukua wiki moja, kuanzia Jumatatu tarehe 7 Julai hadi Jumapili tarehe 13 Julai 2025. Ajira yake ikaisha tarehe 31 Oktoba 2025.

Kuanzia 1 Februari hadi 31 Oktoba 2025 kuna siku 273 za kalenda, ambazo ni wiki 39 kamili. Wiki 39 mara siku sita ni siku 234 za kazi. Gawanya kwa 13, unapata siku 18 za likizo alizojikusanyia. Ile wiki ya Julai ilimla siku sita za kazi. Jumatatu ile ilikuwa Sabasaba, lakini hilo halimrudishii siku, kwa kuwa sikukuu iliyoanguka ndani ya likizo ya mwaka imo ndani ya zile 28. Zimebaki siku 12, na 12 mara 30,000 ni shilingi 360,000.

Sasa tuijaribu hesabu hiyohiyo kwa njia ya kalenda. Likizo ya siku 28 kwa miezi tisa ya mzunguko ni siku 21. Toa saba za Julai, zinabaki 14. Mshahara wa mwaka ukigawanywa kwa 365 ni shilingi 25,643.84 kwa siku, na mara 14 ni 359,014. Pungufu ya shilingi 986 inatokana na ile siku moja ya 365 inayozidi wiki 52. Ukigawa kwa 364 unapata 360,000 kamili. Kwa hiyo 365 si kigawanyo haramu kama baadhi ya wafanyakazi wanavyodhani wakikiona kwenye karatasi ya mahesabu. Kinachohitajika ni kwamba siku zinazozidishwa nazo ziwe za kalenda.

Balaa huanza pale njia mbili zinapovukana. Mhasibu wetu wa kwanza alihesabu siku 12 za kazi, akazilipa kwa kiwango cha 365, akapata 307,726. Mfanyakazi amepunjwa zaidi ya shilingi 52,000. Wa pili alihesabu siku 14 za kalenda, akazilipa kwa kiwango cha siku ya kazi cha 30,000, akatoa 420,000. Mwajiri amezidishiwa shilingi 60,000. Mazoea ya kugawa mshahara wa mwezi kwa 30 yako kwenye kundi hilohilo: 780,000 kwa 30 ni 26,000, ambayo ni bei ya siku ya kalenda. Ukiizidisha kwa 14 unapata 364,000, si mbali na haki. Ukiizidisha kwa 12 unapata 312,000, na hapo mtu ameondoka na pengo la shilingi 48,000 bila yeyote kukusudia kumdhulumu.

Namna rahisi ya kubaini kosa bila kurudia mahesabu yote ni kuuliza: kwa kanuni hii, likizo ya mwaka mzima ingelipwa kiasi gani? Jibu sahihi liko karibu na sehemu moja ya 13 ya mshahara wa msingi wa mwaka. Kwa mtunza stoo wetu ni shilingi 720,000. Kanuni ikitoa 840,000, mtu amezidisha siku 28 kwa kiwango cha 312. Ikitoa milioni moja na kitu, amegawa kwa 260 mtu anayefanya kazi siku sita, kisha akazidisha kwa 28. Ikitoa laki sita na kitu, amelipa siku 24 kwa bei ya kalenda. Kipimo hiki hakihitaji hata karatasi.

Kuna kosa jingine la kichinichini linalohusu sikukuu. Mhasibu mwangalifu, akihesabu siku za kazi katika mzunguko, huondoa Pasaka, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane na nyinginezo kwa hoja kwamba mtu hakufanya kazi siku hizo. Kwenye zile siku 234 anabaki na mia mbili na ishirini na ushei. Lakini kigawanyo chake cha 312 hakikuondoa sikukuu yoyote, kwa kuwa ni wiki 52 mara sita. Ukiondoa sikukuu upande mmoja lazima uziondoe na wa pili, na ukifanya hivyo kiwango cha siku kinapanda na unarudi palepale. Heri kuziacha zote mbili kama zilivyo. Siku za ugonjwa zenye malipo na siku za likizo yenyewe nazo zisitolewe, kwani wiki 52 hazikuzitoa.

Sasa tuzungumzie msingi wa hesabu, yaani mshahara upi. Sheria inasema mshahara wa msingi, na tafsiri yake inaacha nje posho, malipo ya saa za ziada, nyongeza ya kazi za usiku na ile ya Jumapili au sikukuu. Ndiyo maana katika mfano wetu tumetumia 780,000, si milioni moja. Wafanyakazi wengi huchukua namba kubwa kuliko zote kwenye hati ya malipo, wakagawa, halafu wakaona wameibiwa. Kwa upande wa pili, wapo waajiri walioandika kwenye mkataba “mshahara wa mwaka shilingi kadhaa” bila kutenganisha msingi na posho. Kwa maoni yangu mwajiri wa namna hiyo hana pa kujificha. Kama hukutenganisha wakati wa kuajiri, usije kutenganisha siku ya kuagana.

Hapo pia kuna jambo ambalo wapenda kuuza likizo wangelitafakari. Anayekwenda likizo hulipwa ujira ambao angelipwa kama angekuwa kazini, tena kabla ya likizo kuanza. Anayelipwa fedha badala ya likizo siku ya kuondoka hupata kwa mshahara wa msingi pekee. Mtunza stoo wetu akienda likizo mwezi mzima posho zake zinaendelea. Akilipwa siku hizo baada ya ajira kuisha, posho hazimo. Likizo iliyochukuliwa ina thamani kuliko iliyouzwa, labda mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yaseme vizuri zaidi.

Mshahara uliopanda katikati ya mzunguko nao huleta mvutano. Tuseme alikuwa na 700,000 hadi Juni, akapandishwa hadi 780,000 Julai. Kuna anayejumlisha hati zote tisa na kutafuta wastani, akapata kama 735,556 kwa mwezi, na malipo yakashuka hadi 339,487. Naona hiyo si sawa. Siku ya likizo aliyobakiza angeichukua Oktoba, angeichukua kwa mshahara wa Oktoba. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi wa mwisho, zidisha kwa 12, gawanya kwa 312. Wastani wa malipo ya nyuma una mahali pake, lakini ni kwa wasiolipwa kwa muda.

Hao ni kama wachuma kahawa wa Kilimanjaro wanaolipwa kwa debe. Kwao sheria inaangalia mapato ya wiki 13 zilizotangulia, au chache zaidi kama hawajafikisha wiki hizo, na kuyachukulia kama ujira wa wiki. Aliyechuma wiki 13 kwa siku sita na kupata jumla ya 624,000, wastani wake ni 48,000 kwa wiki, au 8,000 kwa siku. Siku 78 za kazi kugawa kwa 13 ni siku sita, hivyo mwisho wa msimu anadai 48,000 ya likizo juu ya fedha ya debe lake la mwisho. Malipo ya likizo mwishoni mwa kila msimu yametajwa waziwazi katika sheria kwa mfanyakazi wa msimu. Hahitaji kungoja ajira ivunjike.

Kwenye kambi na loji za upande wa Arusha ratiba hazifuati wiki. Chukua mkataba wa siku 21 kazini na 7 za mapumziko. Mwaka una mizunguko 13 ya namna hiyo, hivyo siku za kazi ni 273, na ndicho kigawanyo cha mshahara wa mwaka. Likizo yake kwa siku za kazi ni 21. Wanapokosea hapa ni kuziita zile siku saba za mapumziko “likizo” na kuzikata. Mapumziko hayo ni Jumapili zake zilizokusanywa pamoja. Si sehemu ya zile 28.

Je, aliye bado kazini anaweza kuuza likizo? Sheria ilivyorekebishwa inaruhusu mfanyakazi kufanya kazi katika kipindi cha likizo yake kwa sharti kwamba hilo lisiendelee miaka miwili mfululizo, na mwajiri anamlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo hiyo. Angalia tofauti: hapa malipo si sehemu moja ya 13 bali ni mwezi, sehemu moja ya 12. Kwa mtunza stoo, tukishika msingi tu, ni 780,000 badala ya 720,000, na mshahara wake wa kawaida wa mwezi aliofanya kazi uko palepale. Anayetumia kigawanyo cha 312 kwa mtu aliyeitwa kazini wakati wa likizo yake amechanganya vifungu viwili.

Muda wa kuchukua likizo nao una mwisho. Mwajiri ndiye anayepanga lini mtu aende, na ndiyo sababu ofisi nyingi za utalii hupeleka watu likizo wakati wa masika wageni wanapopungua. Lakini lazima iwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia na kazi inahitaji hivyo. Lau mtunza stoo angekuwa amebakiza wiki mbili za mzunguko ulioisha 31 Januari 2025, mwisho wa kuzichukua ungekuwa 31 Julai mwaka huohuo. Akiondoka Oktoba bila karatasi yoyote, mwajiri anaweza kusema siku hizo zimekufa, na kifungu kipo cha kumsaidia. Akiwa na nakala ya barua ya kuomba likizo, na juu yake imeandikwa kwamba asubiri kwa sababu ya hesabu ya stoo, mazungumzo yanakuwa mengine. Kwa hiyo usijumlishe siku za mizunguko yote kwenye mstari mmoja. Andika kila mzunguko peke yake, na tarehe yake ya mwisho pembeni.

Fedha ikishapatikana, kodi ya mapato ya ajira inahusika, kwani malipo badala ya likizo ni sehemu ya mapato hayo. Yakilipwa pamoja na mshahara wa mwisho huangukia ngazi za juu: kwa mtunza stoo wetu sehemu itakatwa asilimia 25, na kinachovuka shilingi milioni moja kwa mwezi kitakatwa asilimia 30. Asishangae 360,000 ikimfikia pungufu. Makato hayo yaonekane kwenye hati, yasiyeyushwe kimyakimya ndani ya kiwango cha siku.

Kiwango hichohicho cha siku hutumika pia kwenye kiinua mgongo pale mwajiri anapovunja ajira ya mtu aliyetimiza mwaka, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili. Mtunza stoo akiwa miongoni mwao angedai 210,000 kwa mwaka wake mmoja kamili. Mhasibu aliyekosea kigawanyo kwenye likizo atakuwa amekosea na hapo, kwa hiyo anayegundua kosa moja apitie mstari wa pili kabla ya kusaini.

Katika karatasi ya malipo ya mwisho, dai mistari minne iandikwe: mshahara wa msingi wa mwaka, kigawanyo kilichotumika, siku alizojikusanyia, na siku alizochukua, kila moja ikitajwa kama ni ya kazi au ya kalenda. Isipoandikwa hivyo, saini kwa kueleza kwamba umepokea fedha ila hukubaliani na hesabu. Mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Na siku hizo zote ni za kalenda.